Kabla Msanifu Hajashika Kalamu: Kusoma Umbo la Jengo Kutoka kwenye Masharti ya Ploti Nairobi

Mtu anayenunua robo ekari Kileleshwa au Kilimani huanza na swali moja: nitapanda orofa ngapi? Nimeulizwa swali hilo ofisini, kwenye matatu, na hata matangani, na jibu langu huwa ni kuomba kwanza karatasi tatu: hatimiliki, ramani ya mpima ardhi, na masharti ya eneo. Idadi ya orofa haikai peke yake. Inatokana na vipimo vitatu vinavyobanana, na asiyejua ni kipi kitakachombana mwanzo huishia kulipia michoro ya jengo ambalo haliwezi kusimama kwenye ploti yake. Mwongozo huu unafuata ploti moja kutoka kwenye hatimiliki hadi kwenye kamba ya fundi, ili msomaji aweze kufanya hesabu hiyo mwenyewe kwa karatasi na kalamu. Katika maelezo yote, nahesabu orofa ya chini kuwa ya kwanza.

Vipimo vitatu na kazi ya kila kimoja

Kipimo cha kwanza ni ufunikaji wa ploti, yaani sehemu ya ardhi inayofunikwa na jengo likitazamwa kutoka juu angani, ikilinganishwa na ploti nzima. Masharti yakisema asilimia 35, basi kwenye ploti ya mita za mraba 1,000 kivuli cha jengo jua likiwa utosini hakiruhusiwi kuzidi mita za mraba 350.

Cha pili ni nafasi za mpakani. Huu ni umbali ambao jengo linapaswa kuuacha kati ya kuta zake na mipaka ya ploti: mbele penye barabara, pembeni kwa majirani, na nyuma. Ufunikaji unakwambia ufunike kiasi gani, lakini nafasi za mpakani ndizo zinazokwambia ufunike wapi.

Cha tatu ni uwiano wa ploti. Hapa unajumlisha sakafu za orofa zote, kisha unagawanya kwa ukubwa wa ploti. Uwiano wa asilimia 75 kwenye ploti ileile ya mita 1,000 unakupa mita za mraba 750 za sakafu kwa jumla. Unaweza kuzitandaza chini au kuzipandisha juu, mradi jumla isizidi hapo.

Inasaidia kujua kwa nini vipimo hivi ni vitatu, wala si kimoja. Mwaka 1915 jijini New York lilikamilika jengo la Equitable, ambalo lilisimama wima kutoka ukingoni mwa barabara na kupanda karibu orofa 40 bila kurudi nyuma hata hatua moja. Jumla ya sakafu zake ilikuwa takriban mara 30 ya ploti yake, na mitaa ya jirani ilibaki kivulini. Mwaka uliofuata jiji lilitunga kanuni za kulazimisha kuta za juu zirudi nyuma kadiri jengo linavyopanda, na ndiyo maana maghorofa ya zama hizo yana umbo la ngazi, kama keki ya harusi. Lakini kanuni hizo zilidhibiti umbo tu. Wingi wa sakafu ulibaki huru hadi mwaka 1961, uwiano wa ploti ulipoingizwa katika kanuni za jiji hilo. Historia hiyo ina funzo la moja kwa moja kwa mwenye ploti Nairobi: kipimo cha umbo na kipimo cha wingi ni vitu viwili, na kutimiza kimoja hakumaanishi umetimiza kingine.

Hatua ya kwanza: tafuta ukubwa halisi wa ploti

Asilimia zote zinahesabiwa kutoka kwenye ukubwa wa ploti, kwa hiyo kosa la hapa huzaa makosa hadi juu ya paa. Usitumie ukubwa uliotajwa na dalali, wala usipime kutoka kwenye ukuta au ua uliopo, kwa kuwa mara nyingi ua hupandwa mahali palipokuwa rahisi kuchimba, si penye mpaka. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa, azitafute bikoni zote za mpaka na azilinganishe na ramani ya upimaji.

Kisha uliza kuhusu barabara. Barabara nyingi za makazi ya zamani ya Nairobi zilipimwa zikiwa nyembamba, na mwenye ploti anapoomba kibali cha kubadilisha matumizi au kugawanya ardhi, anaweza kutakiwa kuachilia ukanda wa mbele ili barabara ipanuliwe. Ploti ya kona inaweza pia kukatwa pembe ili madereva waonane. Ukanda huo ukishatoka, hesabu zote zinaanza upya kwenye kilichobaki.

Tuchukue ploti ya mfano wetu: upana mita 25, urefu mita 41.5, jumla mita za mraba 1,037.5. Kwa asilimia 35 ungefunika mita 363, na kwa uwiano wa asilimia 75 ungepata mita 778 za sakafu. Sasa tuseme umetakiwa kuachilia mita moja na nusu mbele. Ploti inakuwa mita 25 kwa 40, yaani mita za mraba 1,000 kamili, ufunikaji unashuka hadi 350, na sakafu zinashuka hadi 750. Umepoteza mita 28 za sakafu, ambazo ni chumba kikubwa cha kulala pamoja na bafu lake na kisehemu cha ujia. Zaidi ya hapo, nafasi ya mbele sasa inapimwa kutoka kwenye mpaka mpya, kwa hiyo uso wa jengo nao unarudi nyuma mita moja na nusu.

Kosa hili nililifanya mwenyewe nikiwa na miaka michache tu kazini. Nilichora kutoka kwenye ramani ya zamani ambayo mteja alinipa, sikuulizia ukanda wa barabara, na nguzo za mbele zilikuwa zimeshamwagwa zege hadi usawa wa dirisha mpima alipokuja kuweka bikoni mpya. Nguzo mbili zilikuwa ndani ya nafasi ya mbele kwa karibu nusu mita. Tulizibomoa. Mteja alikuwa mzee mpole na hakuniambia neno baya, na hilo liliniuma zaidi ya kelele. Tangu siku hiyo sichori mstari wowote kabla sijaona ripoti ya mpima yenye tarehe ya karibuni.

Hatua ya pili: pata masharti yanayoihusu ploti yako, si ya jirani

Nairobi imegawanywa katika maeneo yenye nambari, na kila eneo lina ufunikaji na uwiano wake. Mwongozo wa maeneo wa mwaka 2004, ambao wataalamu wengi bado huutaja, uliziweka Kilimani na Kileleshwa katika eneo la nne: ufunikaji wa asilimia 35 na uwiano wa asilimia 75 kwa ploti iliyounganishwa na mfereji wa majitaka, fleti zisizozidi orofa nne. Pale ambapo hakuna mfereji, vipimo vyote viwili vilikuwa asilimia 25.

Tofauti hiyo ya mfereji inastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu ndiyo inayobadilisha jengo kuliko jambo lolote lingine katika hatua hii. Kwenye ploti yetu ya mita 1,000, mfereji ukiwepo una mita 750 za sakafu. Usipokuwepo una mita 250 tu, yaani nyumba moja ya orofa moja, au nyumba ya orofa mbili zenye mita 125 kila moja. Sababu iko ardhini: majitaka ambayo hayaendi kwenye mfereji lazima yatuame katika tangi na yanywewe na udongo wa ploti hiyohiyo, na udongo una kiasi chake. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi uliotanda upande wa mashariki na kusini mwa jiji, kiasi hicho ni kidogo zaidi, kwa kuwa maji hayapenyi kwa urahisi. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tafuta kifuniko cha mfereji wa umma kilicho karibu na uhakikishe kwa maandishi kwamba unaweza kuunganishwa. Angalia pia kama mfereji uko chini kuliko ploti yako, maana majitaka hayapandi mlima.

Msomaji atasema: lakini jirani yangu Kileleshwa ana orofa kumi na zaidi. Ni kweli, na majengo ya namna hiyo ni mengi. Baadhi yalipewa kibali cha msongamano mkubwa zaidi baada ya maombi mahususi, sera za upangaji nazo zimekuwa zikifanyiwa mabadiliko, na mengine yalivuka kilichoidhinishwa. Ukiwa umesimama barabarani huwezi kuyatofautisha. Jengo la jirani si hati. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka kila ujenzi upate kibali cha kaunti, na kibali hicho hutolewa kwa ploti yako na kwa masharti yako. Andika barua kwa idara ya mipango ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, au umtume mpangamiji aliyesajiliwa, upate jibu la maandishi linalotaja nambari ya ploti, ufunikaji, uwiano, nafasi za mpakani na idadi ya orofa.

Halafu rudi kwenye hatimiliki na usome masharti maalumu. Ardhi nyingi ya Nairobi ni ya ukodishaji kutoka serikalini, na mikataba ya zamani ina masharti yake yenyewe, kama vile nyumba moja tu ya makazi kwa ploti au kiwango cha ardhi kinachoweza kujengwa. Masharti ya hatimiliki yakigongana na ya eneo, fuata lililo kali zaidi hadi utakapopata mabadiliko rasmi.

Hatua ya tatu: chora sanduku

Chukua karatasi ya grafu, kila mraba uwe mita moja, uchore ploti ya 25 kwa 40. Kisha chora mistari ya nafasi za mpakani. Kwa mfano huu tuseme umeandikiwa mita 6 mbele, mita 3 kila upande, na mita 4.5 nyuma. Upana unaobaki ni 25 ukitoa 6, yaani mita 19. Urefu unaobaki ni 40 ukitoa 10.5, yaani mita 29.5. Sanduku lako ni mita 19 kwa 29.5, sawa na mita za mraba 560.5.

Sanduku hilo ndilo uwanja ambamo jengo linaweza kusogezwa. Si jengo lenyewe. Wajenzi wengi hukosea hapa: wanaona sanduku la mita 560, wanadhani ndilo umbo la jengo, wanalichora lote, kisha wanashangaa michoro inaporudishwa. Ufunikaji unaruhusu mita 350 tu ndani ya zile 560.

Hatua ya nne: tafuta kipimo kinachobana

Sasa weka namba tatu kwenye mstari mmoja. Sanduku linaruhusu mita 560 kwa kila orofa. Ufunikaji unaruhusu 350. Uwiano unaruhusu 750 kwa jumla. Kati ya sanduku na ufunikaji, kinachobana ni ufunikaji, kwa hiyo orofa kubwa kabisa ni mita 350. Gawanya uwiano kwa orofa hiyo:

```
750 / 350 = 2.14
```

Namba hiyo inaeleza tabia ya ploti yako. Ina maana kwamba ukifunika ardhi yote unayoruhusiwa, utajenga orofa mbili na kubakiwa na mita 50, ambazo zinatosha chumba cha kufulia na kuanikia nguo juu ya paa. Ukitaka kufika orofa nne zinazoruhusiwa, sakafu za ziada haziongezeki kutoka popote: ni zilezile mita 750, zikigawanywa kwa nne, yaani mita 187.5 kwa orofa. Jengo linapanda na kukonda. Ufunikaji wake unakuwa asilimia 18.75 tu, na ardhi iliyobaki wazi inafikia mita 812.

Hapo ndipo umbo linapozaliwa, na ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mwenye ploti aielewe kabla ya kukutana na msanifu. Orofa mbili pana na orofa nne nyembamba zina mita zilezile za kukodisha kwenye karatasi, lakini haziwi jengo moja. Tuzitazame.

Jengo la orofa mbili lenye mita 350 chini linaweza kuwa mita 19 kwa 18.4, likijaza upana wote wa sanduku. Ni la bei nafuu zaidi kwa msingi na nguzo, halihitaji lifti, na kila nyumba ina uhusiano na ardhi. Lakini tatizo lake ni kina. Mwanga wa dirisha la kawaida ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2.1 kutoka sakafuni huingia vizuri mita kama 4 au 5 kutoka ukutani, na baada ya hapo chumba kinahitaji taa mchana. Jengo lenye kina cha mita 18 kila upande lina moyo wa giza katikati. Msanifu atalazimika kulitoboa kwa ua wa ndani, au kulipinda liwe kama herufi L au U. Kila umbo la namna hiyo ambalo umewahi kuliona kwenye mitaa ya Nairobi huenda lilianza na hesabu hii.

Jengo la orofa nne lenye mita 187.5 linaweza kuwa mita 15 kwa 12.5. Tuondoe mita 30 za ngazi, ujia na kuta za kati, zinabaki 157.5 kwa kila orofa, yaani fleti mbili za karibu mita 79, zenye vyumba viwili vya kulala. Jumla ni fleti nane. Kila fleti iko kwenye kona mbili za jengo, kwa hiyo ina madirisha ya pande tatu, na upepo unapita kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kisha magari. Tuseme kila fleti inadaiwa nafasi moja ya maegesho. Gari moja linahitaji mita 2.5 kwa 5, na nyuma yake mita 6 za kugeuzia. Magari nane yaliyopangwa sambamba yanataka upana wa mita 20 na kina cha mita 11. Nafasi ya mbele ya mita 6 peke yake haitoshi, lakini jengo letu jembamba linaweza kusogezwa nyuma ndani ya sanduku hadi mita 12 kutoka mpaka wa mbele. Magari yanakaa mbele, mita moja inabaki kwa ajili ya njia ya miguu, na upana wa mita 5 uliosalia unawaruhusu watu kufika mlangoni bila kupita kati ya magari. Nyuma kunabaki mita 15.5 kwa 25 za bustani, mahali pa watoto na tangi la maji. Jengo la orofa mbili lenye kina cha mita 18.4 likisogezwa nyuma vivyo hivyo linabakiwa na mita 9.6 tu nyuma yake. Bado inawezekana, lakini bustani imekuwa ukanda.

Mimi kwenye ploti kama hii ningechagua orofa tatu: mita 250 kila moja, ufunikaji asilimia 25. Ngazi za orofa tatu mtu mzima anazipanda na mfuko wa unga bila kupumzika njiani, na upana wa jengo bado unaruhusu madirisha pande zote. Lakini huo ni uamuzi wa mwenye ploti na wapangaji anaowalenga.

Ploti nyembamba: nafasi za mpakani zinapokuwa ndizo bwana

Hesabu inageuka kabisa kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia, ambayo kwa mita ni karibu 15 kwa 30. Tuseme masharti yake ni ufunikaji wa asilimia 60, uwiano wa asilimia 240, na nafasi za mpakani zilezile. Ufunikaji unaruhusu mita 270. Uwiano unaruhusu 1,080. Lakini sanduku ni mita 9 kwa 19.5, yaani mita 175.5, ambazo ni asilimia 39 tu ya ploti. Hapa ufunikaji wa asilimia 60 haufikiki, kwa kuwa mita tatu kila upande zimekula mbili ya tano ya upana wote.

Ili kutumia uwiano wote ungehitaji orofa sita na kidogo. Kama orofa nne ndizo kikomo, unajenga mita 702, na mita 378 za uwiano zinabaki karatasini. Na upana wa mita 9 una umbo lake la lazima: ujia wa mita 1.5 katikati, chumba cha mita 3.5 kila upande, na zilizobaki ni unene wa kuta. Ndiyo maana majengo ya vyumba vya kupanga kwenye ploti hizi hufanana kana kwamba yamechorwa na mtu mmoja: treni ya vyumba pande mbili za ujia wenye giza.

Kishawishi ni kufuta nafasi za pembeni na kujenga hadi ukutani kwa jirani. Ukifanya hivyo unapata mita 15 kwa 18, na zile 270 za ufunikaji zinatimia. Lakini ukuta ulio mpakani hauwezi kuwa na dirisha, kwa kuwa kesho jirani naye atajenga. Madirisha yanabaki mbele na nyuma, mwanga unaingia mita 5 kila upande, na mita 8 za katikati hazioni jua. Anayetembea ndani ya baadhi ya majengo ya Pipeline au Umoja mchana anajua hali hiyo: balbu inawaka saa sita, na nguo zinazoanikwa kwenye uwazi wa katikati hazikauki siku mbili.

Urefu na nafasi ya pembeni

Mita 3 za pembeni zinaonekana kuwa za haki hadi uzihesabu pamoja na urefu. Wewe ukiacha 3 na jirani akiacha 3, pengo ni mita 6. Simama dirishani orofa ya chini, macho yakiwa mita 1.5 kutoka sakafuni. Jengo la jirani likiwa na orofa nne, yaani mita 12, itabidi uinue macho hadi nyuzi 60 ili uone anga. Si nzuri, lakini mwanga unaingia. Akijenga orofa kumi, mita 30, utainua macho hadi nyuzi 78, karibu utosini, na unachoona ni ufito mwembamba wa anga. Nafasi ileile ya mita 3 iliyotosha kwa orofa nne imekuwa shimo. Kwa hiyo, ukipewa ruhusa ya kupanda juu zaidi, usichukulie nafasi ndogo ya pembeni kuwa faida. Iongeze mwenyewe, hasa upande wenye vyumba vya kulala na sebule, na upande wa jirani aliyebanana nawe weka ngazi, bafu na stoo.

Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, na jua hupita karibu na utosi. Ukuta unaotazama mashariki au magharibi hupigwa na jua la chini asubuhi au jioni, na ule wa kaskazini au kusini hutulia. Ploti yako ikiwa imelala kaskazini hadi kusini, kuta ndefu za jengo linalofuata sanduku zitatazama mashariki na magharibi. Jengo jembamba la orofa nne, kwa kuwa haligusi kuta zote za sanduku, linaweza kuzungushwa. Lile pana haliwezi.

Urefu una mpaka mwingine ambao hauko kwenye masharti ya ploti. Karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, na Kilimani iko jirani yake, jengo refu linahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Uliza mapema.

Hatua ya tano: kubaliana juu ya kinachohesabiwa

Michoro mingi hurudishwa si kwa sababu ya hila, ila kwa sababu pande mbili zimehesabu vitu tofauti. Ufunikaji hupimwa kutoka juu. Kwa hiyo kuinua jengo juu ya nguzo ili magari yakae chini hakupunguzi ufunikaji, na orofa ya juu iliyotokeza nje kuliko ya chini ndiyo inayopimwa. Utokezaji huo pia unaweza kuingia ndani ya nafasi ya mpakani hewani, hata kama ukuta wa chini uko sawa. Hili ndilo kosa la ujenzi ninaloliona zaidi: orofa ya kwanza imepimwa vizuri, ya pili imetokeza nusu mita kwa ajili ya roshani, na ya tatu roshani imefungwa na madirisha ikawa chumba.

Kuhusu roshani, maegesho ya chini ya ardhi, mashimo ya lifti na vyumba vya mitambo juu ya paa, uliza kama vinaingia kwenye uwiano au la, na upate jibu kwa maandishi kabla ya hesabu ya mwisho. Kisha mtake msanifu aweke jedwali kwenye karatasi ya kwanza ya michoro: ukubwa wa ploti baada ya ukanda wa barabara, sakafu ya kila orofa, jumla, ufunikaji na uwiano, kila kimoja kando ya kiwango kinachoruhusiwa. Jedwali likikosekana, au likiwa na jumla bila orofa moja moja, mrudishie.

Hatua ya sita: kamba na futi kabla ya zege

Siku ya kupigia jengo mistari, uwe hapo na mpima awe hapo. Fundi apime kutoka kwenye bikoni, asipime kutoka kwenye ua. Vuta kamba kati ya bikoni mbili za pembeni, kisha pima kwa futi kutoka kwenye kamba hiyo hadi kwenye uso wa nje wa ukuta utakaojengwa, ukiongeza unene wa plasta na mawe ya kupambia. Pima sehemu tatu, mwanzo, kati na mwisho, maana ploti nyingi hazina pembe mraba na mita 3 za mbele zinaweza kuwa 2.7 nyuma. Andika vipimo hivyo, vitiwe sahihi, uvipige picha pamoja na bikoni ikionekana. Rudia upimaji huo kabla ya kumwaga kila sakafu ya juu, kwa kudondosha timazi kutoka ukingoni mwa mbao za zege hadi chini. Timazi ikidondoka nje ya ukuta wa chini, simamisha kazi na utafute kwenye michoro utokezaji huo umeidhinishwa wapi. Siku hiyo bado ni mbao na misumari tu ya kung'oa.